Harusi Katika Mwaka wa Njuga

1 Julai 2026, Nalufenya, Jinja

Leo nimesimamisha hema kubwa peke yangu. Sawa, Benedicto, mwenzangu wa kazi, alishika kamba. Lakini kazi ya hema ni nguzo ya katikati, na aliyeisimamisha ni mimi, Magid Bogere wa Mpumudde, niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa vya kunifundisha. Kitambaa kilipopanda kikajaa upepo wa mto, nikaona kama niko chini ya wingu, na Shamim amekaa katikati ya wingu hilo, gauni jeupe, miguu haigusi chini. Nikasimama pale nimeshika nyundo, sijui kwa muda gani.

"Bwana harusi," Benedicto akanipiga teke, "kaza kamba, utalala ukishaoa."

Harusi ni Jumapili ya mwisho wa Agosti, kwao Shamim, Namakwekwe, Mbale. Kwa miaka nimewafungia watu viti na mahema yao. Zamu yangu nitakaa kwenye kiti chenye utepe, na Benedicto ndiye atakayebeba.

3 Julai

Mvua ndogo. Viti vimeloa. Shamim anakuja Jumapili.

5 Julai

Amekuja. Ameshuka kwenye basi na mfuko wa vitambaa, maana yeye ni fundi cherehani na hawezi kusafiri bila mkasi. Nikampeleka pale mto unapotoka ziwani. Maji pale yanaenda polepole hadi unahisi ni ukingo ndio unaotembea, na wewe pamoja nao. Yeye anaongea Kimasaba cha Wagisu kwao, mimi Kisoga kwetu, katikati tumeweka Kiswahili. Mimi nilikipata kambini, baba yangu alikuwa afande. Yeye alikipata madrasa. Kwa hiyo mimi naamrisha, yeye anahubiri.

"Magid, nikikuambia kitu hutacheka?"

"Sicheki."

"Senge anasema harusi tuisogeze. Mwaka ujao."

Nikacheka. Senge ni shangazi yake, Madinah. Ndiye atakayemwingiza nyumbani kwangu, bila yeye bibi harusi anaonekana ametoroka.

"Mwaka huu umemfanya nini?"

"Huu ni mwaka wa imbalu."

Hilo nalijua. Hakuna asiyelijua upande huu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wagisu wanawatahiri vijana wao hadharani, wamesimama. Kuanzia katikati ya mwaka Mbale yote ni ngoma na njuga. Ila sikujua kwamba ndugu yake, Wanyera, ameshajifunga njuga mapajani. Kijana wa miaka kumi na minane. Ametangaza mbele ya ukoo kwamba mwaka huu atasimama.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Senge anasema nyumba ikimsimamisha kijana, haitoi binti mwaka huohuo. Baraka za nyumba ni moja. Ukizigawa, kuna atakayepungukiwa. Ama kijana atatetemeka kwenye kisu, ama binti atakwenda kwa mume asizae."

"Na mwaka ujao baraka zinakuwa mbili?"

"Mwaka ujao hakuna kisu."

"Sisi Wasoga tunaoana mwaka wowote. Hata mwaka wa nzige."

"Nyinyi mnaogopa mapacha mpaka mnawapigia ngoma."

Hapo alinipata. Nikatupa jiwe majini kuonyesha kwamba sikupatikana.

"Shamim, wewe mwenyewe unaamini?"

"Siamini. Naogopa."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kimoja. Wanyera akitetemeka, hakuna atakayemuuliza ngariba. Hakuna atakayekiuliza kisu. Watasema mwaka ulikataa, dada yake akalazimisha. Nitaishi na maneno hayo kila nikienda kwetu. Mtoto wangu akiugua, mwaka. Cherehani ikikatika sindano, mwaka."

"Na mimi nikingoja mwaka mzima? Mbale imejaa Wakenya wenye malori. Atapita mmoja mwenye friji ndani ya gari."

"Bambi, maskini! Kumbe mwenzangu naye ana mwaka wake wa kuogopa."

Hatukuamua. Basi lake lilipoondoka nilibaki nikitazama vumbi mpaka lilipotua lote.

6 Julai

Sijampigia. Yeye pia.

7 Julai

Vilevile. Mimi ni mwanaume, naweza kukaa hivi hata mwezi.

8 Julai

Nimempigia.

10 Julai

Baada ya swala ya Ijumaa nimemuuliza sheikh wa Mpumudde. Amesema waziwazi: hakuna mwezi wa nuksi wala mwaka wa nuksi, kuamini hivyo ni kosa katika dini, oeni. Nimekimbia nje nimpigie Shamim kabla viatu havijaingia vizuri miguuni.

"Sheikh amesema kweli," akanijibu. "Baba pia anasema hivyohivyo. Naye sheikh akishamaliza kusema, anarudi kwake Jinja. Mimi nabaki uani na Senge."

Benedicto ni Mgisu Mkatoliki, nikamgeukia kama shahidi. Akasema dada yake Brigid aliolewa katika mwaka wa imbalu, ana watoto wanne na mume mnene. "Lakini kwetu hapakuwa na kijana wa kusimama mwaka ule," akaongeza. "Tena kila nyumba na mambo yake, mimi msinitie humo."

Nusu ya shahidi.

18 Julai

Hema limeanguka. Upepo ulitoka ziwani ghafla, chuma kikapinda, watu wakakimbia na sahani zao za pilau. Hakuna aliyeumia. Nguzo ya katikati niliifunga mimi. Benedicto akanitazama, akasema: "Mwaka wako umeanza."

Nikamtukana. Lakini jioni simu ikanianguka, kioo kikapasuka, na kabla sijaiokota nilishasema moyoni: mwaka. Neno lilitoka lenyewe.

19 Julai

Jino linauma. Mwaka?

25 Julai, Mbale

Nimekuja Namakwekwe kuongea na Senge Madinah uso kwa uso. Asubuhi Wanale ilikuwa imefunikwa, mlima hauonekani, maporomoko ya maji tu, meupe, yananing'inia kwenye ukungu kama mashuka yaliyoanikwa bila kamba. Ngoma za kadodi, zile za imbalu, zilikuwa zinatoka mtaa ule, zinazimika, zinatoka mtaa huu. Nilitembea katikati yake nikasikia mwili mwepesi, kana kwamba nimeamka lakini ndoto haijaniachia.

Senge ni mwanamke mfupi, anauza ndizi mbivu mlangoni kwake.

"Ndiyo wewe bwana harusi? Nilidhani ni mrefu."

"Shikamoo Senge. Nimekaa chini tu."

"Umesimama."

Hapo nikajua shughuli ipo. Nikampa maneno yote ya sheikh. Akayasikiliza huku akifuta ndizi moja moja kwa kitambaa.

"Kijana, mimi ninaswali. Sikusema Mungu ameumba mwaka mbaya. Nimesema nyumba ina mikono miwili. Siku ya kijana, mkono mmoja unampaka kimea cha wimbi mwilini, mwingine unamshikilia mama yake asianguke. Nani atamvisha binti? Na mwanangu akiwa na kidonda ndani, nyumba haigombani, haipigi kelele, inatembea kwa vidole. Wewe unataka kuleta spika."

"Spika tunaweza kupunguza, Senge."

"Na mdomo wako?"

Wote uani wakacheka. Shamim alikuwa dirishani na cherehani yake, akacheka zaidi ya wote, nikamsamehe.

28 Julai

Nimeota niko ndani ya hema lisilo na mlango. Nje kuna njuga.

2 Agosti

Wamefungua msimu wa imbalu huko Mutoto. Benedicto amerudi amepauka kwa vumbi, hana sauti. Harusi inabaki palepale kwa sababu hakuna aliyesema isibaki. Kadi zimeshatoka. Shamim anasema tuamue wiki hii, mimi nasema tumeshaamua, yeye anasema hapana, wewe ndiye umeamua.

8 Agosti, Mbale

Leo nitaandika sana.

Nilifika mchana nikamkuta Wanyera barabarani na kundi lake, wanapita kwa jamaa kuwaalika. Shanga zimepishana kifuani, uso umepakwa unga, njuga zinalia mapajani. Shamim yuko kando yake anamchezea, maana dada hamwachi ndugu yake acheze peke yake. Sikuwahi kumwona Shamim hivyo. Fundi wangu aliyenyooka kama rula alikuwa anavunjika kiunoni, macho yamefumbwa nusu, mbali kabisa na mimi na kadi zangu. Barabara nzima ilikuwa inapanda na kushuka. Nami nikaingia. Nacheza vizuri, hilo halina ubishi.

"Huyu amekatwa?" mzee mmoja akauliza.

"Huyu Mwislamu wa Jinja, alikatwa akiwa mchanga, alilala usingizi!" kijana akajibu, wakaangua kicheko. Nikawaambia mimi hata nikiwa mchanga sikulia. Hawakuniamini.

Baadaye Wanyera alikwenda mtoni kujimwagia maji, akaniita nimshikie njuga. Nzito, sikujua. Alipokaa juu ya jiwe, maji yanamtiririka na unga umemtoka usoni, nikaona ni mtoto.

"Shemeji," akasema, "nasikia mnataka kusogeza harusi."

"Dada yako ndiye anataka. Mimi ni simba, sisogei."

"Usikubali. Nakuomba, harusi isisogezwe."

Nikafurahi. Nikajua nimepata mtu wangu ndani ya nyumba. Nikamuuliza anapenda pilau kiasi hicho?

Hakucheka. "Naogopa. Mchana nacheza, nikilala naona kisu. Watu wote wataangalia kope zangu. Babu alisimama, baba alisimama. Nikitetemeka, watasema mimi ni mwoga, wataimba mpaka nizeeke. Lakini kama harusi ipo..." Akachezea maji kwa kidole cha mguu. "Kama harusi ipo, watasema ni mwaka."

Nilibaki nimekumbatia zile njuga. Mto ulikuwa unapita taratibu, jani moja likazunguka kwenye jiwe lake na kukataa kwenda. Mwaka mbaya niliokuwa naupiga vita tangu Julai, kumbe mtoto huyu amejificha ndani yake.

"Usimwambie Shamim," akasema.

Nikaapa.

9 Agosti, Mbale

Nimemwambia Shamim.

Sina haya. Kiapo kilikuwa kizito kuliko njuga. Tulikuwa kibandani kwake, anapunguza mikono ya gauni lake mwenyewe, mvua inaanza juu ya mabati. Nilitarajia atalia. Akaendelea kushona mpaka mwisho wa mkono, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo tukisogeza," akasema, "tunamwacha uchi."

"Ndiyo. Na tusiposogeza, akitetemeka unabeba wewe. Shamim, mimi nimebadilika. Tusogeze."

"Wewe? Simba?"

"Nilikuwa nataka harusi kwa sababu nilidhani ni maneno matupu. Sasa nimeona kazi yake. Hema limeanguka, simu imepasuka, jino linaniuma, na kila mara nimesema mwaka. Nikisema hivyo nasikia nafuu. Wanyera pia atasikia nafuu. Lakini uzito wote utaanguka kwako, na wewe ndiye nataka kukuoa. Kijana asimame kwa miguu yake, kama wenzake wote."

"Wewe ulipokatwa ulisimama kwa miguu yako?"

"Nililala, imeshasemwa."

"Basi nyamaza kuhusu miguu." Akalikunjua gauni, akalitazama kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa limejaa hewa kidogo, kama mtu mwembamba amesimama ndani yake. "Zaidi ya mwezi nimeogopa kulaumiwa kwa kitu ambacho sikukifanya. Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza, kwamba nitasingiziwa. Sasa kama ni mimi mwenyewe nimechagua, si kusingiziwa tena."

"Ni nini?"

"Ni kumshikia ndugu yangu kitu."

"Watu hawatajua kwamba unashika. Watakusema tu."

"Wewe utajua."

"Na wakisema hutazaa?"

"Hapo tutashirikiana, au utakuwa umelala?"

Fundi wangu! Mvua ikawa kubwa hata tukaacha kusikiana, tukabaki tunatazamana kama watu walio chini ya maji. Ilipopungua tulikuwa tumeamua. Harusi inabaki. Hatumwambii Wanyera kwamba tunajua. Hatumwambii Senge chochote.

"Na asipotetemeka?" nikauliza.

"Basi tutakuwa tumeogopa bure," akasema, "na utanilipia uzi."

12 Agosti

Senge amenipigia yeye mwenyewe. "Mmekataa?" Nikasema ndiyo, Senge. "Basi mimi simwingizi." Akakata. Shamim nilipompigia alikuwa ameshaambiwa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bila Senge ataingia kwangu na nani?

15 Agosti

Jino limeng'olewa. Halikuwa mwaka. Lilikuwa limeoza.

22 Agosti, Namakwekwe

Imepita.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Wanyera alitoka mbio kutoka kwenye matope, amepakwa kichwa mpaka miguu, kimea cha wimbi kimemkauka kifuani, na kundi nyuma yake. Nilimwona kwa mbali akija ndani ya ukungu ule, wa rangi moja na ardhi, kama ardhi yenyewe imeamua kukimbia. Akaingia uani, akasimama, akaweka fimbo nyuma ya shingo, mikono juu ya fimbo, macho juu. Ngoma zikakatika.

Mimi nilikuwa karibu na ukuta pamoja na wanaume. Wanawake barazani, Shamim mbele, Senge nyuma yake. Baba yao, Mzee Ashiraf, alisimama mbele ya mwanawe na kumkazia macho. Ngariba alipita pembeni yangu bila haraka.

Siandiki yote. Ni kazi ya mkono mmoja, na mkono ule haukosei. Naandika nilichokitazama, yaani kope. Kwanza zilitulia. Nikaanza kupumua. Halafu ya kushoto ikapiga, mara moja, na goti likafuata kidogo, kama nguzo inapopigwa na upepo kabla kamba haijakaza. Kisha akatulia tena mpaka mwisho. Ngariba akapuliza filimbi.

Filimbi inapopulizwa, vigelegele vinatakiwa kutoka mara moja. Havikutoka. Palikuwa na pengo, na ndani ya pengo hilo mtu akaguna, mwingine akasema "eeh". Senge akageuza kichwa polepole kumtazama Shamim.

Shamim akashuka barazani.

"Ni harusi yangu," akasema kwa sauti ya kumsomesha mtu Kurani. "Mtoto hana kosa. Senge alitukataza, tukakataa. Mwaka umepita kwangu."

Na mimi, ambaye katika maisha yangu sijawahi kuinua mkono darasani, nikauinua. "Na bwana harusi ndiyo mimi! Nimelazimisha mimi. Mnijue vizuri, Magid Bogere wa Jinja!"

Yule mzee wa barabarani akasema: "Aliyekatwa usingizini!" Uani pakalipuka kicheko, na katikati ya kicheko vigelegele vikatoka, ngoma zikapasuka, Wanyera akakalishwa na kufunikwa kanga. Ameshakuwa mwanaume. Alikuwa analia, lakini baada ya filimbi inaruhusiwa. Alitutazama sisi wawili, mmoja halafu mwingine. Nadhani ameelewa kwamba siwezi kutunza kiapo.

23 Agosti

Namakwekwe nzima inanijua. Nikipita, watoto wanafumba jicho moja, wanalegeza goti. Mwenye chapati kakataa kunihudumia kwanza, eti nitamtetemesha mkono. Mimi ninayejisifu hata nikifunga kamba moja, nimefanya jambo kubwa kuliko yote na siwezi kulisema. Inawasha kama upupu.

26 Agosti

Senge ameniita. Nilikwenda na mgongo umeshajiandaa.

"Kaa."

Nikakaa.

"Nimefikiri," akasema. "Nilisema baraka zikigawanywa, mmoja atapungukiwa. Amepungukiwa Wanyera, kope moja. Si kweli?"

"Kweli, Senge."

"Basi mwaka huu umekwisha nguvu. Ulikuwa na balaa moja, umelitoa, sasa ni mtupu. Nikingoja mwaka ujao ndiyo nitakuwa mjinga, huo bado haujatoa lake." Akanipa ndizi. "Jumapili nitamwingiza. Spika mbili tu, na ziangalie barabarani, mwanangu ana kidonda."

Nilitaka kumuuliza kama kweli hesabu zake zinakwenda hivyo, au alimwona Shamim alivyoshuka barazani akajitafutia njia ya kurudi. Mdomo ulifunguka. Nikaweka ndizi.

29 Agosti

Benedicto amebeba viti vyote. Nimemhesabia.

30 Agosti, Namakwekwe

Hema lilisimama vizuri, jeupe, na jua likapita ndani yake likatugeuza wote rangi ya maziwa. Nilikaa kwenye mkeka mbele ya Mzee Ashiraf, mkono wake umeshika mkono wangu. Sheikh akamwongoza, Mzee akasema amenioza binti yake Shamim Nambozo kwa mahari tuliyokubaliana. Zamu yangu.

Sauti ikakosekana. Mimi! Nilimwona Senge mlangoni, amemshika Shamim mkono kwa nguvu, kama vile bado anaweza kubadili mawazo na kukimbia naye. Nilimwona Shamim anainua nyusi: haya, sema. Nikapumua, ikatoka hewa tupu.

"Sauti, kijana," sheikh akasema.

Wanyera alikuwa ameketi nje ya mlango wa chumba chake, amejifunga kanga, mguu huku na mguu kule, sahani ya pilau imeshaanza kabla ya ruhusa.

"Mwacheni!" akapaza sauti. "Msimtazame kope!"

Wakacheka wote, Senge mpaka akaegemea mlango, na nilipokuwa nacheka nami, sauti ikarudi.

"Nimekubali kumuoa," nikasema, na walisikia mpaka barabarani.